Kabari inayopanda na kabari inayoshuka: stopu ikae wapi?

Kabari ni umbo la bei kwenye chati, na zote mbili huchorwa kwa mistari miwili inayoelekea kukutana kwenye ncha. Katika kabari inayopanda, mistari yote miwili inapanda, ila wa chini umesimama zaidi kuliko wa juu. Katika inayoshuka, yote miwili inashuka, ila wa juu ndio unaoteremka kwa kasi. Mstari mmoja ukilala, hiyo ni pembetatu. Mistari ikienda sambamba, huo ni mfereji, na stopu zake, yaani amri za kufunga biashara bei ikienda kinyume nawe, hupangwa kwa namna nyingine.

Kila anayeanza kusoma chati huambiwa kwamba kabari inayopanda huvunjika kwenda chini na inayoshuka huvunjika kwenda juu. Mara nyingi huwa hivyo, ingawa zipo zinazofanya kinyume na si chache. Wengi hulishika neno hilo bila sababu yake, halafu wanaweka stopu mahali ambapo bei itapita hata kama wamekisia mwelekeo sawasawa. Kwa hiyo tuanze na sababu.

Kwa nini huvunjika kinyume cha mwinamo

Tuchukue EURUSD kwenye chati ya saa 4, bei zikiwa za mfano. Kabari inaanza kwenye bonde la 1.0800. Bei inapanda hadi kilele cha 1.0920, inarudi 1.0856, inapanda hadi 1.0948, inarudi 1.0912, kisha inafika 1.0976. Hapo tuna mabonde matatu na vilele vitatu, na mistari imegusana na bei mara za kutosha. Kabari ya miguso miwili juu na miwili chini usiiamini sana, kwa sababu pointi mbili siku zote zitakupa mstari, hata pasipokuwa na umbo lolote.

Sasa pima safari za kupanda. Ya kwanza ni pipsi 120, pipsi moja ikiwa 0.0001 ya bei, ya pili 92, ya tatu 64. Safari za kurudi nazo zimepungua, kutoka pipsi 64 hadi 36. Maana yake ni kwamba wanunuzi wanaingia mapema zaidi kila bei inaposhuka kidogo, hawasubiri tena bei nafuu, lakini kila wakiingia wanapata safari fupi kuliko ya awali. Haraka imeongezeka na faida imepungua. Walionunua karibu na 1.0930 wana faida ndogo sana mkononi, na stopu zao zimerundikana karibu, chini ya mstari wa chini na chini ya bonde la 1.0912. Stopu ya mnunuzi ni amri ya kuuza. Bei ikigusa rundo hilo, mauzo yanazaa mauzo, na ndiyo maana kabari ikishavunjika vizuri huweza kuteremka kwa kasi kuliko ilivyopanda.

Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni hesabu ya mistari yenyewe, na hii ndiyo inayosahaulika.

Mstari wa chini wa kabari yetu unapanda pipsi 4 kila mshumaa, yaani kila saa 4: bonde la 1.0800 liko mshumaa wa 0, la 1.0856 mshumaa wa 14, la 1.0912 mshumaa wa 28. Mstari wa juu unapanda pipsi 2 tu kwa mshumaa. Fikiria bei imefika 1.0960 kwenye mshumaa wa 35 na ikasimama hapo. Mstari wa chini wakati huo uko 1.0940. Baada ya mishumaa mitano, yaani saa 20, mstari umefika 1.0960 na kuikuta bei palepale. Kabari imevunjika kwenda chini bila bei kushuka hata pipsi moja.

Ili kuvunja mstari mkali, ule uliosimama zaidi, inatosha bei kuchoka. Ili kuvunja mstari wa upande wa pili, bei inatakiwa iongeze kasi, tena wakati ambapo safari zake zinafupika. Haishangazi basi kwamba mstari mkali ndio unaovunjika mara nyingi. Lakini ukishalijua hilo, huwezi tena kuuchukulia mvunjiko kama ushahidi kamili wa kugeuka kwa soko. Katika mfano wetu, mshumaa wa 37 unafunga 1.0940, pipsi 8 chini ya mstari ambao sasa uko 1.0948. Umbo limevunjika, ndiyo. Hata hivyo bonde la mwisho liko 1.0912, pipsi 28 chini zaidi, na bado halijaguswa. Kwa mtu asiyechora mistari, soko hili bado linatengeneza vilele vya juu na mabonde ya juu.

Stopu tatu zikiwekwa kando kwa kando

Umeuza kwa 1.0940 baada ya mshumaa wa 37 kufunga. Lengo la kawaida la kabari ni pale ilipoanzia, 1.0800, yaani pipsi 140. Kipimo cha ATR cha mishumaa 14 kinaonyesha pipsi 22, maana yake mshumaa wa kawaida wa saa 4 hutembea umbali huo bila habari yoyote. Akaunti ina dola 2,000, na umekubali kupoteza asilimia 1, dola 20. Ukubwa wa biashara hupimwa kwa loti, na kwa EURUSD loti 0.01 ni senti 10 za dola kwa kila pipsi.

| Stopu | Bei | Umbali | Loti | Lengo kwa hatari |
|---|---|---|---|---|
| Ndani kidogo ya mstari uliovunjwa | 1.0958 | pipsi 18 | 0.11 | mara 7.8 |
| Juu ya kilele cha mwisho | 1.0989 | pipsi 49 | 0.04 | mara 2.9 |
| Ng'ambo ya ncha ya kabari | 1.1021 | pipsi 81 | 0.02 | mara 1.7 |

Ya kwanza inavutia kwa sababu ya ile safu ya mwisho. Mantiki yake inasikika safi: mstari ulikuwa sakafu, sasa umekuwa dari, bei ikirudi juu ya dari basi nimekosea. Kasoro ya kwanza ni kwamba pipsi 18 ni pungufu ya mshumaa mmoja wa kawaida. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na ni ya kabari hasa. Dari hiyo haijasimama. Inaendelea kupanda pipsi 4 kila mshumaa, na stopu yako imebaki 1.0958. Kwenye mshumaa wa 42 mstari uko 1.0968. Bei inaweza kurudi, ikaugusa kutoka chini kama inavyofanya mara nyingi baada ya kuvunja, ikakataliwa, halafu ikateremka hadi lengo. Utabiri wako ulikuwa sahihi, na stopu ilishakutoa pipsi 10 kabla ya mguso.

Wapo wanaojaribu kuitibu kasoro hiyo kwa kuisogeza stopu juu pamoja na mstari. Usifanye hivyo. Loti 0.11 zilipimwa kwa umbali wa pipsi 18; ukiifuata dari hadi 1.0968 na kuongeza nafasi ileile, hatari imekuwa zaidi ya dola 40 na hukuipanga.

Stopu ya pili ndiyo ninayoiona inafaa kwa mvunjiko ulio wengi. Imehesabiwa hivi: kilele cha mwisho 1.0976, ongeza nusu ya ATR ambayo ni pipsi 11, ongeza pipsi 2 za spredi, pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, jumla 1.0989. Hoja yake haitegemei mchoro. Bei ikifika 1.0989, soko limetengeneza kilele kipya, kwa hiyo dai lako kwamba wanunuzi wamechoka limekataliwa na bei yenyewe. Hata mtu mwingine angeichora mistari tofauti na wewe, kilele kingebaki 1.0976. Ile nusu ya ATR ipo kwa sababu stopu za wauzaji wengine nazo zimekaa pipsi chache juu ya kilele hicho, na bei hupenda kuchungulia hapo kabla ya kugeuka.

Ya tatu huwekwa juu ya ncha, mahali ambapo mistari ingekutana. Hapa ni mshumaa wa 54, kwenye 1.1016, ukiongeza pipsi 5. Inavumilia karibu kila mrudio, lakini imevuka mahali ambapo wazo lilishakufa. Kati ya 1.0989 na 1.1021 unalipia pipsi 32 kusubiri kitu ambacho kilele kipya kimeshakujibu. Ina kazi moja halali: kwa anayeuza mapema, ndani ya kabari, kwenye mguso wa mstari wa juu, kabla ya mvunjiko wowote. Huyo anahitaji nafasi kwa sababu kilele kingine kidogo bado ni sehemu ya umbo. Ila awe na loti ndogo, na ajue kwamba kabari nyingine huvunjika kwenda juu, na zikivunjika huko huenda kwa kasi kwa sababu ya stopu za wauzaji kama yeye.

Angalia safu ya loti tena. Ukipima vizuri, hasara iliyopangwa katika stopu zote tatu haizidi dola 20. Stopu ya mbali haikuongezei hasara, inakupunguzia loti. Stopu ya karibu ndiyo yenye hatari iliyojificha, kwani kwa loti 0.11 kila pipsi ambayo stopu itateleza wakati wa habari inakugharimu dola 1.10, wakati kwa loti 0.04 ni senti 40.

Kuna hali moja inayobadilisha stopu ya pili. Wakati mwingine safari ya mwisho ya kupanda haifiki mstari wa juu, inaishia katikati ya kabari kisha inageuka na kuvunja. Hapo una vilele viwili vya kuchagua: kile kifupi na kile cha juu kabisa. Ukiweka stopu juu ya kile kifupi, umbali unapungua na hoja bado ina nguvu, kwa kuwa kushindwa kufika juu ndio uchovu wenyewe. Mimi ningekitumia kile kifupi ikiwa tu umbali wake unazidi ATR moja. Ukiwa chini ya hapo, tumia kile cha juu.

Kikomo cha muda, si cha bei peke yake

Kwa kuwa mstari mkali huvunjwa hata na bei iliyosimama, inafaa uwe na njia ya kutenganisha soko lililogeuka na soko lililopumzika. Chukua umbali kutoka kwenye mstari hadi kilele cha mwisho, ugawe kwa mwinamo wa mstari. Hapa ni pipsi 28 (1.0976 kutoa 1.0948) kugawa kwa 4, jibu mishumaa 7. Baada ya mishumaa hiyo mstari uliovunjwa unakuwa umefika usawa wa kilele, na mrudio wowote wa kuugusa utakuwa unatishia kilele kipya. Hadithi ya sakafu iliyogeuka dari imeisha.

Kwa hiyo ndani ya mishumaa 7, saa 28, mshumaa mmoja ufunge chini ya bonde la mwisho, 1.0912. Ukifunga, soko limethibitisha kwa bonde la chini, na unaweza kuishusha stopu hadi bei uliyoingilia. Muda ukipita na bei bado inazunguka kati ya 1.0930 na 1.0960, funga biashara kwa mkono. Hasara itakuwa ndogo au sifuri, na mara nyingi mzunguko wa namna hiyo huishia kwa bei kuendelea na safari yake ya awali.

Kabari inayoshuka: yanayobaki na yanayobadilika

Kwenye sarafu, kabari inayoshuka ni ileile iliyopinduliwa. Ukigeuza jozi, kabari ya EURUSD inayopanda inakuwa inayoshuka, na hakuna sababu ya kuamini moja kuliko nyingine. Stopu inakaa chini ya bonde la mwisho kwa nusu ya ATR, na kikomo cha muda kinahesabiwa kwa kutumia mstari wa juu, unaoteremka kuelekea bonde hilo.

Tofauti moja ya kiufundi inawaponza wengi. Chati za programu ya MetaTrader kwa sarafu huchorwa kwa bei ya Bid, ile unayouzia. Ukinunua kwenye kabari inayoshuka, stopu yako ni ya kuuza, nayo huamshwa na Bid, bei ileile unayoiona kwenye mshumaa. Ukiuza kwenye kabari inayopanda, stopu yako ni ya kununua, nayo huamshwa na Ask, bei unayonunulia, ambayo iko juu ya mshumaa kwa kiasi cha spredi. Ndiyo maana tuliongeza pipsi 2 kule na huku hatuongezi. Spredi hupanuka hasa siku ya biashara inapofungwa, saa 11 jioni kwa saa za New York, na hapo muuzaji anaweza kutolewa ilhali mshumaa haujaonyesha bei hiyo. Ukiwasha mstari wa Ask kwenye mipangilio ya chati utaona kilichotokea. Jozi zenye spredi pana zinahitaji nyongeza kubwa kuliko pipsi 2. Tazama spredi ya saa hiyo mbaya, usitumie ya mchana.

Kwenye hisa mambo hayako sawa pande zote mbili. Kwa miaka mingi masoko ya hisa yamekuwa na mvuto wa kupanda, kwa hiyo kabari inayoshuka ya hisa ina upepo mgongoni, hasa ikijitokeza kama mapumziko ndani ya mwelekeo mrefu wa kupanda. Kabari inayopanda juu ya hisa yenye nguvu ina upepo usoni. Mvunjiko wake huishia mara nyingi kwenye mrudio mfupi. Mahali inapofanya kazi vizuri zaidi ni pale hisa imeshaanza kushuka kwa muda mrefu na kabari ni kupumua kwake tu.

Tuone ya hisa kwa ufupi, kwenye chati ya siku. Kabari ilianzia 60.00, mstari wake wa juu unateremka 0.40 kwa siku, bonde la mwisho ni 42.40. Siku ya mvunjiko mstari uko 45.20 na hisa inafunga 46.00. ATR ni 1.60, kwa hiyo stopu inakaa 41.60, na hatari ni 4.40 kwa hisa. Kwa dola 20 zilezile unapata hisa 4. Kikomo cha muda ni 2.80 kugawa kwa 0.40, siku 7 za soko, na kitakachokuthibitishia ni kufunga juu ya kilele cha mwisho ndani ya kabari.

Kinachoharibu hesabu hii ni pengo la usiku. Kampuni ikitoa habari mbaya soko likiwa limefungwa, hisa inaweza kufungua 39.50, na stopu yako ya 41.60 itatekelezwa hapohapo 39.50. Hasara inakuwa 6.50 kwa hisa, dola 26 badala ya 17.60. Stopu haiwezi kukukinga na bei ambayo haikuuzwa. Kinachokukinga ni kutazama tarehe ya kutangaza matokeo ya kampuni kabla ya kuingia: ikiwa iko ndani ya zile siku 7, nunua hisa 2 au ngoja matokeo yapite.

Kwa anayeuza hisa za kukopa kwenye kabari inayopanda, pengo ni baya zaidi, kwa sababu bei inayokwenda juu haina dari na hasara yake nayo haina. Kwa wengi, tena madalali wengi hawaruhusu kabisa kuuza hisa usiyo nayo, matumizi mazuri ya kabari inayopanda ni kulinda hisa ambazo tayari unazo. Hapo swali linageuka: stopu ya faida ikae wapi? Wengi huiweka chini tu ya mstari wa chini, na tumeona kwamba mstari huo utavunjwa hata na bei iliyosimama. Iweke chini ya bonde la mwisho kwa nusu ya ATR, na kila bonde jipya likitokea, ipandishe. Ukitaka kuutumia mstari hata hivyo, uza theluthi ya hisa mshumaa ukifunga chini yake, na uache stopu ya bonde ishughulikie zilizobaki.